Fomu ya Tathmini Humsema Aliyeijaza

Tuchukue mfano wa ghala la vinywaji jijini Dar es Salaam, lenye meneja mmoja na wafanyakazi sita. Ni mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unafungwa, na fomu za tathmini zinatakiwa ofisini kabla ya Ijumaa. Kila fomu ina vipengele vinne: usahihi wa hesabu za mzigo, kuwahi kazini, huduma kwa wateja na utunzaji wa kumbukumbu. Alama ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo ya juu kabisa.

Meneja amemaliza zote kwa jioni moja. Karani wa mauzo amepata 5 katika kila kipengele. Dereva amepata 2 kila mahali. Wanne waliobaki, yaani mtunza stoo, karani wa malipo na wapakiaji wawili, wamepewa 3 tupu kuanzia juu hadi chini.

Afisa rasilimali watu anazipokea, anazipanga mezani na kumwita meneja waongee.

“Karani huyu ana nini mpaka apate 5 zote?”

“Dada, yule kijana ni mzuri. Anajieleza, anajua kuongea na watu. Ukimsikiliza tu unajua kazi anaiweza.”

“Na dereva?”

“Si unakumbuka Mei? Kreti 40 za soda, zote chini!”

“Hawa wanne je?”

“Wanafanya kazi, hawana shida. Nikimpandisha mmoja, wengine watanuna.”

Majibu hayo matatu mafupi yamebeba makosa matatu ambayo wataalamu wa rasilimali watu wameyafahamu kwa miongo mingi, na kila moja limeacha alama yake kwenye karatasi.

La karani huitwa athari ya halo. Sifa moja inayong’aa huzimwagia mwanga zile nyingine, mpaka mpimaji anatoa alama kwa mambo ambayo hakuyaangalia. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alilieleza kosa hili mwaka 1920, alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao. Aligundua kwamba alama za umbo, akili, uongozi na tabia zilifuatana mno. Ofisa aliyeonekana na umbo zuri alionekana pia na akili na tabia njema, ilhali hakuna sababu ya mambo hayo kwenda pamoja kiasi hicho.

Halo husomwa kwa kufuata fomu ya mtu mmoja, kipengele hadi kipengele. Alama zikifanana zote, mpimaji aulizwe ushahidi wa kila moja. Kwa karani wetu ushahidi upo. Daftari la mahudhurio linaonyesha amechelewa mara 19 kwa mwaka. Hesabu za mzigo alizoandika zilipishana na za stoo Septemba, Novemba na Februari. Huduma kwa wateja ni kweli anastahili 5, kwa kuwa wenye maduka wanampigia simu yeye kwanza. Lakini 5 hiyo moja ndiyo iliyozaa nyingine tatu.

Kosa la pili ni kung’ang’ania katikati, na hilo halionekani kwenye fomu moja. Mtu akipata 3 nne huenda ni wa wastani kweli. Linaonekana fomu zikipangwa pamoja na kipengele kimoja kikafuatwa kwa watu wote. Wanne hawa wanafanya kazi tofauti kabisa, lakini hakuna hata alama moja inayowatenganisha.

Meneja amesema mwenyewe sababu: anaogopa manung’uniko. Sababu nyingine ya kawaida ni kwamba hajui vya kutosha kuhusu kazi ya mtu, na 3 ni alama isiyomdai maelezo. Anayeumia hapa ni mtunza stoo. Mwaka mzima ndiye aliyegundua mizigo iliyoletwa pungufu na kuizuia isisainiwe, na sasa alama yake ni sawa na ya mpakiaji ambaye kadi zake za mzigo hazijajazwa tangu Machi. Bonasi ikigawiwa kwa alama hizi, watapata sawasawa.

Kosa la tatu, la ya karibuni kufunika ya nyuma, husomwa kwa kalenda. Afisa anatazama maelezo aliyoandika meneja kwenye fomu ya dereva. Matukio yote yana tarehe za Mei na Juni. Tangu Julai iliyopita hakuna kitu, kana kwamba dereva aliajiriwa wiki sita zilizopita.

Kipimo kizuri hapa ni mapitio ya nusu mwaka. Katika utumishi wa umma Tanzania, mfumo wa OPRAS ulioanza mwaka 2004 uliweka mapitio ya Desemba kabla ya tathmini ya Juni, na kampuni nyingi zina utaratibu wa namna hiyo. Desemba dereva alikuwa na 4 katika vipengele vitatu. Kreti zilizovunjika zinaweza kweli kumshusha kwenye mzigo, lakini hazielezi kwa nini ameshushwa kwenye kuwahi kazini, ilhali daftari linaonyesha hajachelewa hata siku moja. Maana yake tukio la Mei limefanya kazi mbili: limefuta miezi kumi ya nyuma, kisha likatia doa mambo yasiyohusiana nalo. Hiyo ya pili ni halo iliyogeuzwa, pale ubaya mmoja unapochafua mengine yote.

Lakini afisa hapaswi kuhukumu kwa kutazama namba peke yake. Wako watu wanaofanya vizuri kila kitu, ziko timu ndogo ambazo watu wake wanakaribiana, na yuko mfanyakazi ambaye kweli amebadilika katika miezi ya mwisho. Mpangilio wa alama huzaa swali tu. Jibu liko kwenye daftari la mahudhurio, kadi za stoo na malalamiko ya wateja.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa hata wakufunzi. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani John Bernardin na Earl Pence waliwafundisha wapimaji kuepuka makosa ya aina hii. Alama zao zilitawanyika vizuri na halo ikapungua. Hata hivyo, usahihi wao ulipungua pia, kwa sababu walijifunza namna ya kupanga namba zisitiliwe shaka, si namna ya kutazama kazi. Kwa hiyo kumwambia meneja wetu achanganye 2 na 4 ili fomu zipendeze hakutamsaidia mtunza stoo.

Afisa anamrudishia fomu zote sita na masharti matatu. Ajaze kipengele kimoja kwa watu wote kabla ya kugusa kinachofuata, ili 5 ya karani kwenye huduma isimfuate kwenye hesabu. Kila alama iwe na angalau tukio moja lenye tarehe, na matukio hayo yatoke pande zote mbili za Desemba. Na kabla ya kuandika namba, wakubaliane 3 ya hesabu za mzigo inaonekanaje ghalani: kwa mfano, tofauti ilitokea lakini ilirekebishwa ndani ya wiki ileile.

Meneja analalamika kwamba kazi hiyo haiwezi kuisha kabla ya Ijumaa, na ana haki. Matukio ya Agosti na Oktoba hakuyaandika popote, na sasa itabidi ayatafute kwenye madaftari ya watu wengine. Ndiyo maana sharti la nne linaanza Julai: daftari dogo lenye ukurasa mmoja kwa kila mfanyakazi, na mistari miwili au mitatu kila mwisho wa mwezi.