Waya Mmoja Ukikatika

Chumba cha kompyuta cha chuo nilichosoma kilikuwa na kompyuta kumi zilizopangwa mstari mmoja ukutani. Waya mmoja mweusi, unaofanana na wa antena ya televisheni, ulizipitia zote kwa nyuma kutoka ya kwanza hadi ya kumi. Asubuhi moja tulizikuta zote zinawaka vizuri, lakini hakuna iliyomwona mwenzake kwenye mtandao. Fundi alipofika hakugusa hata kibodi. Aliinama nyuma ya kompyuta ya tano, akachomoa kiungo chenye umbo la T, akakigusisha mita yake ya umeme. Ikasoma omu 50.

"Ama waya umekatika, ama kizibo kimoja hakipo," alisema, akaenda moja kwa moja mwisho wa mstari. Kweli, kidude cha chuma kidogo kama kifuniko cha kalamu kilikuwa kimeondoka na mtu.

Mpangilio ule huitwa basi, kwa kuwa kompyuta zote hupanda waya mmoja. Ujumbe wa kompyuta yoyote husafiri pande zote mbili za waya hadi mwisho, na pale mwisho lazima ukutane na kizibo, ambacho mafundi hukiita tamineta. Ndani yake mna ukinzani wa omu 50 wa kuumeza. Kisipokuwepo, ujumbe hudunda na kurudi kama wimbi lililogonga ukuta wa gati, ukavurugana na unaoufuata. Vizibo viwili vikiwa mahali pake mita husoma omu 25, maana vinagawana umeme. Ikisoma 50, upande mmoja umekufa.

Hapo ndipo penye siri ya basi ambayo wengi hawaitarajii. Waya ukikatwa katikati, mtu angedhani kompyuta tano za kushoto zitaendelea kuongea zenyewe kwa zenyewe, na tano za kulia vivyo hivyo. Haiwi hivyo. Mahali ulipokatika pamezaa ncha mbili zisizo na kizibo, na mwangwi unaua pande zote mbili. Ili kuipata hitilafu, fundi huchukua kizibo cha akiba, akakiweka katikati ya mstari na kujaribu nusu moja. Ikifanya kazi, ubovu uko nusu ya pili. Anaigawa nayo, hivyo hivyo, hadi aufikie.

Basi lilipendwa kwa sababu ya bei. Chukua chumba chetu: kompyuta kumi, kila moja mita mbili kutoka kwa jirani yake. Mita 18 za waya zinatosha, na hakuna kifaa cha katikati cha kununua. Waya wa aina ile uliruhusiwa kufika mita 185 na kubeba vituo 30, kwa hiyo chumba kilikuwa na nafasi tele. Ila kuongeza kompyuta ya kumi na moja kulimaanisha kuukata waya, na wote kukaa bila mtandao hadi fundi amalize.

Sasa fumua chumba kile kile ukisuke kwa mtindo wa nyota, ambao ndio utakaoukuta karibu kila ofisi leo. Kila kompyuta inapata waya wake hadi kwenye swichi. Swichi ikikaa pembeni, mita mbili kabla ya kompyuta ya kwanza, utahitaji mita 110 za waya. Ihamishie katikati ya mstari, mita zinashuka hadi 50. Nimewaona mafundi wakiifunga swichi pembeni kwa sababu tu soketi ya umeme iko huko, halafu mwenye ofisi analalamika kwamba boksi la waya limekwisha upesi.

Gharama hiyo ya ziada inanunua kitu kimoja: waya ukikatika, anayeumia ni mmoja. Kompyuta ya saba ikikosa mtandao, unaangalia taa ya tundu la saba kwenye swichi. Imezimika? Tatizo ni waya, vichwa vyake, au kompyuta yenyewe, na wengine tisa hawana hata habari. Udhaifu umehamia katikati, maana swichi ikiungua wote kumi wamelala. Lakini swichi unaiona kwa macho na unaibadilisha kwa dakika chache.

Nyota ina maradhi yake ya ajabu, na haya hayatokani na waya kukatika bali na waya kuzidi. Mtu mwenye nia njema anakuta ncha ya waya inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu lolote lililo wazi. Ncha ya pili tayari imo kwenye swichi ile ile. Ujumbe uliotumwa kwa wote unaanza kuzunguka na kujizalisha, na kwa sekunde chache mtandao mzima unaganda. Dalili yake ni taa za swichi kupepesa zote kwa kasi kama taa za ukumbi wa harusi. Radia Perlman alibuni mwaka 1985 utaratibu unaozifanya swichi zigundue mzunguko wa namna hiyo na kuufunga, lakini swichi nyingi za bei ndogo hazina utaratibu huo.

Pete ni waya unaorudi ulikotoka. Katika chumba chetu ingehitaji mita 36, kwenda na kurudi. Ujumbe hupita kwa kila kompyuta ukielekea upande mmoja, kwa hiyo kiungo kimoja kikikatika duara limevunjika kwa wote. Dawa ni kuufanya ujumbe uweze kugeuka: palipokatika, majirani wawili wanaurudisha kwa njia ya upande wa pili, na pete inakuwa mstari unaofanya kazi. Mkato wa pili ndio usiovumilika, kwani unaigawa vipande.

Afrika Mashariki iliuonja mkato wa pili mwaka 2024. Data zetu huweza kutoka kwa bahari kwa kupitia kaskazini, Bahari ya Shamu, au kusini, kuizunguka Afrika Kusini. Februari nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu zilikatika, ukiwemo wa Seacom. Tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini karibu na Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na kwa majirani.

Wavu ndio mpangilio usioogopa mkato: kila kompyuta na waya wake kwa kila mwenzake. Waya mmoja ukikatika, ujumbe unapitia kwa mwingine. Lakini hesabu inatisha. Kompyuta kumi zinahitaji nyaya 45, na kila mashine matundu tisa, wakati kompyuta ya kawaida ina moja. Katika chumba chetu ni mita 330, yaani boksi zima la mita 305 na bado hazijatosha. Akija wa kumi na moja, anadai nyaya kumi mpya. Ndiyo maana hakuna anayeufunga wavu kamili darasani.

Hata hivyo si lazima ukamilike. Paul Baran wa shirika la RAND alionyesha katika maandiko yake ya 1964 kwamba kila kituo kikiwa na viungo vitatu au vinne tu, mtandao unavumilia hasara kubwa karibu sawasawa na ule uliounganishwa kwa wingi zaidi. Watoa huduma za intaneti hufanya hivyo kati ya rauta zao kubwa, na vifaa vya waifai vya wavu hufanya hivyo majumbani kwa kutumia hewa badala ya waya.

Kwa chumba cha kompyuta kumi, mimi ningefunga nyota, swichi katikati ya mstari, na kwenye droo ya meza ya mwalimu ningeweka swichi ya pili ndani ya boksi lake, pamoja na nyaya mbili zilizokwisha kufungwa vichwa.