Waya Mmoja, Miti Miwili

Nyuma ya nyumba yetu ya shamba palikuwa na waya wa kuanikia nguo, uliofungwa upande mmoja katika mkarafuu na upande wa pili katika mnazi. Aliyeufunga aliuzungusha mara mbili katika kila mti, akaukaza kwa koleo, akenda zake, na kwa miaka kadha wa kadha hapana aliyeutazama. Kisha tukauona mkarafuu umevimba juu kidogo ya waya, kama kidole kilichobanwa na pete, na gome limeumeza waya wenyewe hata hauonekani. Majani ya kileleni yakageuka manjano, mwaka wa pili yakapukutika, na mwaka wa tatu mti ule uliokuwa ukitupa karafuu ukawa kuni. Mnazi haukuwa hata na habari. Waya ulikaa juu ya shina lake vile vile ulivyofungwa siku ya kwanza.

Mpwa wangu anasoma bayolojia katika skuli ya sekondari. Alipokuja likizo nilimwonesha miti ile miwili, akanijibu, "Mjomba, huo uliokufa mbegu yake ina majani mawili ndani, na huu uliobaki mbegu yake ina jani moja." Nilidhani ananifanyia mzaha, kwani jani lililomo ndani ya mbegu lina uhusiano gani na waya wa kuanikia nguo? Lakini maneno yake yalikuwa ya kweli, nami nayaandika hapa kwa ajili ya wanachama wenye watoto wanaosoma elimu hii, na kwa ajili ya mikarafuu yetu pia.

Wataalamu wa mimea wameigawa mimea mingi itoayo maua katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la mimea ambayo kijusi chake ndani ya mbegu kina jani moja, nayo huitwa monokotiledoni. Kundi la pili kijusi chake kina majani mawili, nayo huitwa dikotiledoni. Majani hayo ya mbegu si majani ya kawaida. Kazi yake ni kukilisha kichipukizi mpaka kiweze kujitegemea.

Chukua kunde moja iliyolowekwa usiku kucha, uimenye ganda lake kwa ukucha. Itaachana vipande viwili vilivyo sawa, na baina yake utaona kimelea kidogo. Vipande hivyo viwili ndivyo majani ya mbegu. Mbegu mbichi ya mkarafuu, ukishaiondolea nyama ya tunda, nayo huachana vipande viwili vinene namna hiyo hiyo.

Basi jani la mbegu la mnazi liko wapi? Kila mtoto wa hapa amekwisha kulila. Ni joya! Ile tufe nyeupe laini inayojaa ndani ya nazi iliyoota ndiyo ncha ya jani moja la mbegu, nayo hunyonya maji na nyama ya nazi na kukipelekea chakula kichipukizi kilichokwisha tokea nje. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Huyatazama majani ya kijani yaliyochomoza juu ya kumbi, wakayahesabu, na kumbe jani linalotakiwa halitoki nje kamwe. Muhindi nao ni vivyo hivyo: jani lake la mbegu hubaki ndani ya punje, na lile la kwanza kuonekana juu ya udongo ni jani la kawaida.

Alama ya pili ni mishipa ya jani. Linyanyue jani la mkarafuu mbele ya jua, utaona mshipa mkubwa wa katikati, na kutoka kwake mishipa midogo ikitawanyika na kuungana tena kama wavu wa mvuvi. Ukilichana, hupasuka ovyo ovyo. Sasa chukua ukuti mmoja wa mnazi uuondoe njiti yake. Mishipa yake imelala sambamba tangu shina la ukuti mpaka ncha, na ukiuchana hupasuka kwa mstari ulionyoka. Wake zetu wasukao mikeka wanaijua alama hii kuliko mwalimu yeyote, kwa sababu ukindu usingechanika vizuri kama mishipa yake ingekuwa ya wavu. Asidhani mtu kuwa usambamba lazima uwe wa urefu wa jani. Jani la mgomba mishipa yake hutoka katikati kwenda ukingoni, lakini nayo imelala sambamba, na ndiyo maana upepo huligawa vipande kama vitambaa.

Kwa maua, mwanafunzi hahitaji kupanda juu ya mti. Na achukue karafuu kavu iliyo nzima, ailoweke katika maji ya moto kwa muda wa nusu saa, kisha aifungue kwa sindano. Yale meno manne ya nje ni vikombe vya ua, na ile tufe ya juu ni petali nne zilizofunikana, na ndani yake mna nyuzi nyingi za kiume zilizojikunja. Nne na nne: mimea ya dikotiledoni mara nyingi huwa na sehemu za maua nne au tano, au wingi wa hesabu hizo. Maua ya mnazi, yaliyomo ndani ya karara, hesabu yake ni tatu. Ua dume lina vipande vitatu vya nje, vitatu vya ndani, na nyuzi sita za kiume. Hata nazi yenyewe hukumbuka hesabu hiyo, kwani yale macho yake matatu ni alama ya vyumba vitatu vya ua jike, ambavyo kwa kawaida kimoja tu ndicho huendelea kuwa mbegu. Ndilo lile jicho moja laini ambalo chipukizi hupitia.

Sasa tufike kwenye shina, maana waya wetu unangoja huko. Kata bua changa la muhindi na kikonyo kichanga cha mkunde, uvisimamishe katika gilasi ya maji yaliyotiwa wino mwekundu kwa saa chache, kisha uvikate vipande vyembamba kwa wembe. Katika muhindi utaona vidoto vyekundu vimetapakaa kila mahali. Katika mkunde utaona vidoto vimejipanga duara, kama watu waliokaa kuzunguka sinia. Vidoto hivyo ni mafungu ya mirija inayopandisha maji na kuteremsha chakula. (Usitumie mchicha kwa jaribio hili. Ni dikotiledoni, lakini una mafungu mengine katikati ya shina, na mwanafunzi atachanganyikiwa bure.)

Mnazi ni kama muhindi. Nyuzi zake zimetapakaa shina zima, na shina likisha kuwa na unene wake haliongezeki tena, bali hurefuka tu. Kwa hiyo ngazi alizozichonga mkwezi miaka ishirini nyuma ziko pale pale, hazikuziba, na mti unazaa. Mkarafuu hauko hivyo. Baina ya gome na mti wake mna utando mwembamba sana, uitwao kambiamu, ambao kila mwaka hutoa mti mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Maji hupanda kwa ndani, katika mti, na chakula kilichotengenezwa na majani huteremka kwa nje, katika gome.

Mkarafuu wetu uliendelea kunenepa, na waya haukulegea. Waya ukalikata gome pande zote. Maji yaliendelea kupanda, na hivyo majani yalibaki mabichi kwa muda na sisi hatukushituka. Lakini chakula kilichoteremka kilizuiwa, kikalimbikizana juu ya waya na kufanya ule uvimbe, huku mizizi ikifa kwa njaa. Mizizi ilipokwisha ndipo majani nayo yakafuata. Kamba ya ng'ombe inayosugua gome mahali pamoja, na panga lililomenya gome duara zima, hufanya kazi ile ile.

Mwenye kuona uvimbe wa namna hii juu ya waya au kamba, na majani bado yako kijani, asichelewe. Akate waya mahali panapofikika, na kipande kilichokwisha mezwa akiache kuliko kumenya gome zaidi kwa kukitafuta. Palipobaki gome zima, hata ukanda mwembamba, chakula huweza kupita, na utando utalifunika jeraha pole pole. Palipokatika duara lote, tumaini ni dogo.

Nilimwuliza mpwa wangu kama alama zote nne hukubaliana kila mara. Alicheka akaniletea jani la mdalasini. Lina mishipa mitatu mikubwa iliyonyoka tangu karibu na shina la jani mpaka karibu na ncha, nami mara moja nikasema jani moja. Ua lake nalo lina vipande sita, vitatu na vitatu. Alama mbili zimekwisha unga mkono upande wa mnazi!

Akaniambia, "Linyanyue mbele ya jua, Mjomba." Baina ya mishipa ile mikubwa mlikuwa na wavu. Kisha akavunja mbegu yake, ikaachana vipande viwili vinene. Na kwa shina hapakuwa na haja ya wembe, kwani mdalasini ni mti ambao biashara yake ni kumenywa gome. Gome hubanduka safi kwa sababu ya ule utando, na wakati wa mvua hubanduka upesi zaidi kwa kuwa utando una kazi nyingi. Hapana awezaye kuumenya mnazi hivyo. Basi mdalasini una majani mawili ya mbegu, na hesabu ya ua lake ndiyo iliyotudanganya. Mstafeli na mparachichi nao wana maua ya hesabu ya tatu. Wataalamu wameitenga miti ya ukoo huu katika tawi lake peke yake, kwa kuwa ilijitenga zamani sana na dikotiledoni nyingine, ingawa mbegu zake zina majani mawili.

Upande wa pili uko udanganyifu pia. Jani la kiazi kikuu na la jimbi yana mishipa iliyoungana kama wavu, na yote mawili ni ya jani moja la mbegu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepewa jani peke yake katika mtihani na aandike "huenda", na akipewa mbegu au shina ndipo akate shauri.

Waya wetu wa kuanikia sasa umefungwa baina ya minazi miwili.