Sura Haikuja, Maswali Yakatungwa

“Shikamoo mwalimu. Naomba unitungie maswali 20 ya sura ya ngeli, kidato cha kwanza. Kesho kipindi cha pili nawapa jaribio.”

Ujumbe huo niliupata saa tatu usiku kutoka kwa mwalimu kijana niliyewahi kufundisha naye shule moja. Nikaitikia marahaba, nikaketi kutunga. Hakuwa ameambatisha ukurasa hata mmoja, nami sikumwuliza. Nimefundisha ngeli miaka mingi, nikaona sura yoyote ya ngeli itakuwa ile ile ninayoijua.

Swali la tatu liliuliza: “Nomino *kiboko* iko katika ngeli gani?” Kwenye majibu niliandika A-WA. Kesho yake karibu darasa zima liliandika KI-VI, na mwalimu akawakosesha wote kwa kufuata majibu yangu. Watoto wakamfungulia kitabu chao. Kitabu kilikuwa upande wao.

Ngeli huainishwa kwa njia zaidi ya moja. Njia kongwe, iliyokuja na wataalamu wa lugha za Kibantu kama Wilhelm Bleek na Carl Meinhof, hutazama umbo la nomino, yaani kiambishi kinachoanza. Kwa njia hiyo *kiti*, *kitabu* na *kiboko* hukaa pamoja, kwa sababu zote huanza na KI- na wingi wake huanza na VI-. Njia ya pili hutazama upatanisho wa kisarufi, yaani kile ambacho nomino hulazimisha kwenye kitenzi. Tunasema “kiti kimevunjika”, lakini mnyama yule tunamsemea “kiboko ameingia mtoni”. Kwa hiyo kiboko anahamia A-WA pamoja na watu na wanyama wengine. Kitabu cha darasa lile kilikuwa kimeanza na njia ya umbo, na wanafunzi walikuwa hawajafika kwenye upatanisho. Mimi nilitunga kwa njia ya pili.

Hata wenye kufuata upatanisho hawagawi sawasawa. Vitabu vingi vya Kenya huitengea *sukari* ngeli ya I-I, kwa kuwa haina wingi, na *maji* huyaweka katika YA-YA. Vipo vitabu vinavyohesabu ngeli chache zaidi, na humo sukari utaikuta I-ZI na maji LI-YA. Ukiuliza “taja ngeli zote za Kiswahili” bila kujua kitabu, huna namna ya kuandika jibu. Tena *kiboko* lenyewe lina maana mbili. Kiboko cha kuchapia hubaki KI-VI hata kwa upatanisho: “kiboko kimekatika”. Swali langu halikusema ni kiboko kipi, na hilo ni kosa langu mwenyewe, si la aliyeniagiza.

Hapo ndipo penye hatari ya kutunga bila sura. Mtungaji anayejua mada hakwami. Anaandika maswali safi, yenye sura ya kitaalamu, na yeyote atakayeyasoma bila kitabu mkononi atayaona mazuri. Namna ya kuyagundua ni moja tu: chukua kila swali na utafute ukurasa unaolijibu. Siku hizi kila jibu ninaloandika nalipa namba ya ukurasa pembeni. Swali lisilopata namba halikutoka kwenye sura, limetoka kichwani mwangu, nami nalifuta au namwambia mwalimu wazi kwamba ni nyongeza.

Basi mwalimu yule angenitumia nini? Cha kwanza ni kurasa zenyewe, zimepigwa picha moja moja tangu kichwa cha sura hadi mazoezi ya mwisho, kitabu kikiwa kimelazwa kwenye mwanga na namba za kurasa zikionekana. Wengi hukata mazoezi wakidhani hayana kazi. Yana kazi kubwa, maana mtungaji asiyeyaona huweza kurudia maswali ambayo watoto wameshayafanya na majibu wanayakumbuka. Majedwali pia yasiachwe, kwani katika sura ya ngeli jedwali ndilo sura yenyewe.

Ikiwa simu ni mbovu au bando limekwisha, nusu ukurasa wa kuandika kwa mkono unaokoa mengi: jina la kitabu, mchapishaji, mwaka wa toleo, vichwa vidogo vya sura, fasili za maneno makuu kama zilivyo neno kwa neno, na mifano miwili mitatu ya kitabu. “Sura ya nne” peke yake haisaidii. Mtaala ukibadilika, au mchapishaji akitoa toleo jipya, sura ya nne huenda ikawa imesogea au imevunjwa mara mbili.

Baada ya kurasa, mtungaji anahitaji kujua walipofikia na muda uliotumika. Walimu tunaita kazi hii jedwali la utahini, lakini hesabu yake ni nyepesi. Tuseme maana ya ngeli ilifundishwa kipindi 1, aina za ngeli vipindi 4, na matumizi katika sentensi vipindi 3. Jumla ni vipindi 8. Ukitaka maswali 16, kila kipindi kinapata mawili: maana 2, aina 8, matumizi 6. Bila taarifa hiyo mtungaji hujaza maswali pale anapopapenda yeye. Mimi ningejaza kwenye matumizi, sehemu ambayo darasa lile halikuwa limeifikia.

Ujumbe wa pili wa mwalimu yule, wiki mbili baadaye, ulikuwa hivi: “Shikamoo mwalimu. Picha 9 za sura nimezituma hapo juu. Tumeishia ukurasa wa tano wa picha, ngeli kwa umbo tu. Nahitaji maswali 10 ya dakika 20: 6 ya kuchagua, 4 ya kujaza nafasi. Ni ya kupima kama wameelewa, hayaingii kwenye alama za muhula. Naomba na majibu.” Kazi iliyonichukua usiku mzima mara ya kwanza niliimaliza kwa saa moja, na hakuna mtoto aliyekosehswa kwa haki yake.

Kuna nyakati sura haiji kabisa na kipindi hakingoji. Hapo naepuka maswali ya majina na mafungu, kwa sababu hayo ndiyo vitabu vinavyotofautiana. Badala yake nauliza matumizi, ambayo hayabadiliki: “Sahihisha sentensi hii: *Kiboko kikubwa kimeingia mtoni, wavuvi wamekimbia kwa kuogopa mnyama huyo.*” Jibu ni “Kiboko mkubwa ameingia mtoni”, iwe kitabu kinamweka KI-VI au A-WA. Juu ya karatasi naandika: “Yametungwa bila kuiona sura, linganisha na kitabu kabla ya kuwapa watoto.”

Nawaomba walimu na wazazi mnaoagiza maswali: kabla ya kulala, fungueni tena ujumbe mliotuma muone kama picha zimefika zote na zinasomeka. Nanyi mnaotunga, zisipofika, ziulizeni usiku ule ule.