Asilimia 97 ya Marejesho Inaficha Nini?

Tuchukue mfano wa afisa mikopo wa taasisi ndogo ya fedha mjini Morogoro. Ana wateja 320, na salio la mikopo wanayodaiwa ni shilingi milioni 192. Mwezi huu alitakiwa kukusanya milioni 40, akakusanya milioni 38.8. Ripoti yake itasomeka marejesho asilimia 97, na meneja atafurahi.

Mimi ningeuliza kwanza fedha hizo zimetoka kwa nani. Ndani yake mna milioni 1.5 za wateja waliolipa mapema rejesho la mwezi ujao. Ukiziondoa, zinabaki milioni 37.3, yaani asilimia 93. Walipaji wazuri wamewafunika wasiolipa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha mikopo iliyo hatarini. Unamtafuta kila mteja aliyechelewa zaidi ya siku 30, unahesabu salio lake lote, wala si rejesho alilokosa tu, kisha unalinganisha na salio la mikopo yote. Anayeshindwa kulipa mwezi mzima huwa na tatizo kwenye biashara au nyumbani, kwa hiyo hata deni ambalo muda wake haujafika lina mashaka.

Afisa wetu ana wateja 12 wa namna hiyo, wanaodaiwa jumla ya milioni 13.12. Hiyo ni karibu asilimia 7. Wanane kati yao ni wenye maduka waliokopa mmoja mmoja. Kundi hilo lina watu 80 wanaodaiwa milioni 96, na asilimia 12 ya fedha hizo iko hatarini. Vikundi 24 vya akina mama, watu kumi kumi, navyo vinadaiwa milioni 96, lakini kilicho hatarini hakifiki asilimia 2.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakaamua kumwaga fedha zote kwenye vikundi. Dhamana ya kikundi maana yake mmoja akikwama, wenzake wanachanga. Kwenye mfumo wa taasisi kikundi kinaonekana kimelipa kamili. Ukifungua daftari la mweka hazina siku ya mkutano ndipo unapoona kwamba wanachama watatu hawajahudhuria wiki nne, na mwenyekiti ndiye anayewalipia kutoka kwenye mtaji wake wa nguo za mitumba. Akichoka, hawaangushi wale watatu peke yao. Waliokuwa wanalipa vizuri nao husita: kwa nini nilipe, nikimaliza nitaanza kudaiwa ya wengine?

Kikundi kimoja kama hicho kikivunjika, wote kumi wanasimama na milioni 4 zao. Upande wa vikundi unaruka kutoka chini ya asilimia 2 hadi karibu 6, na mwezi uliotangulia ripoti haikuonyesha hata senti moja ya kikundi hicho iliyochelewa. Ndiyo maana mkaguzi makini huomba daftari la mahudhurio kabla ya kuomba la fedha.