Swali Linapohamia Kundi Jingine: Uchambuzi Chunguzi wa Vipengele Fiche

Mwaka 1983, Zigmond na Snaith walichapisha hojaji ya kupima wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa hospitali. Ina maswali 14: saba ya wasiwasi na saba ya sonona. Mgawanyo huo ni nia ya waandishi. Majibu ya wagonjwa yanaweza kujipanga vingine. Uchambuzi chunguzi wa vipengele fiche huonyesha namna yanavyojipanga.

Mtafiti huanza kwa kugeuza alama za maswali yaliyoulizwa kinyume, ili alama kubwa imaanishe dalili nyingi katika kila swali. Kisha hukokotoa uhusiano wa kila swali na lingine. Maswali yanayopanda na kushuka pamoja hudhaniwa kuongozwa na jambo moja lisiloonekana, yaani kipengele fiche.

Idadi ya vipengele haikisiwi. Kanuni ya kubakiza kila kipengele chenye thamani inayozidi 1 mara nyingi huzalisha vipengele vingi mno. Njia bora ni kulinganisha thamani hizo na zile zitokanazo na takwimu za kubahatisha zenye idadi ileile ya watu na maswali, kisha kubakiza vinavyozizidi. Baada ya hapo vipengele huzungushwa ili visomeke kwa urahisi. Kwa kuwa wasiwasi na sonona huandamana, mzunguko uchaguliwe unaoruhusu vipengele kuhusiana.

Matokeo ni jedwali la uzito wa kila swali katika kila kipengele. Tuseme maswali sita ya wasiwasi yana uzito unaozidi 0.5 katika kipengele cha kwanza, lakini la saba, linalouliza kama mgonjwa huweza kuketi kwa utulivu, lina 0.25 humo na 0.52 katika kipengele cha sonona. Tarakimu hizi ni za mfano, ila kuhama kwa swali hilo kumeonekana katika tafiti nyingi.

Sababu moja inayowezekana imo katika maneno yenyewe. Miongoni mwa maswali ya wasiwasi, ni hilo pekee linalouliza hali njema; kati ya yale ya sonona, matano huuliza hivyo, kama vile kufurahia mambo na kuchangamka. Huenda basi swali limefuata mtindo wa uandishi badala ya maana. Dalili ya kasoro hiyo ni kipengele kinachokusanya maswali ya mwelekeo mmoja, hata yakiwa ya dhana tofauti.

Mtafiti asiliondoe swali kwa kutazama jedwali tu. Awaulize wagonjwa wachache walivyolielewa, hasa katika tafsiri, kisha aupime mpangilio mpya kwa kundi jingine la watu. Takwimu zilizozaa mpangilio haziwezi kuuthibitisha, na jina la kipengele hutolewa na mtafiti, si na hesabu.