Fahamu: Kanuni za gesi ya kupikia zisemwe vipi kwa Kiswahili

Tanzania inalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inaongezeka majumbani, na maelekezo yake lazima yaeleweke.

Agizo la “hakikisha hewa ya kutosha” halitoshi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Dirisha la juu pekee haliiondoi. Kiswahili sahihi ni: “Acha tundu la hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, linalotokea nje, na lisizibwe.”

Agizo la “kagua uvujaji” nalo linahitaji hatua. Zima jiko, kisha fungua vali ya mtungi. Paka povu la sabuni kwenye vali, regulata na ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakivimba, gesi inavuja: funga vali, kaza kiungo, upime tena. Yakiendelea, usitumie mtungi huo, mwite fundi. Usipime kwa kiberiti kamwe.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya umeme, hata kuizima, maana cheche yake inaweza kuwasha moto. Funga vali, fungua milango, toka nje.