Unga wa Bei Nafuu Uliozidisha Gharama

Barua nzuri ya mshauri wa gharama haiishii kwenye jumla. Tuseme kiwanda cha mikate kilipanga kutumia kilo 5,000 za unga kwa shilingi 1,800 kila kilo. Kwa idadi ileile ya mikate, kikatumia kilo 5,400 kwa shilingi 1,750. Bajeti imezidi kwa 450,000 tu. Mshauri huitenganisha: bei imeokoa 270,000, lakini kilo 400 za ziada zimekula 720,000. Hapo ofisa ununuzi, aliyekuwa akisifiwa, ana maswali ya kujibu, maana unga hafifu hunywa maji kidogo, na donge la uzito uleule hudai unga zaidi. Kabla ya kumlaumu mwokaji, barua ishauri madonge yapimwe kwa mizani kila zamu, na unga wa zamani ujaribiwe wiki nzima sambamba na huu mpya.